Kihatarishi kikishatokea kiondoe kwenye rejista, kifungulie ishu siku hiyohiyo

Kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi tunayotoa hapa Arusha watu huwa wanakuja na mafaili yao ya kazini, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine ni hili: jambo limeshatokea, linakula hela kila siku, ila bado limekaa kwenye rejista ya vihatarishi. Walichofanya ni kupandisha uwezekano mpaka 5 kati ya 5, wakapaka rangi nyekundu, basi wanasubiri kikao cha robo mwaka kilijadili. Hapo hamna kihatarishi tena. Hiyo ni ishu, ina daftari lake, na inataka maamuzi sasa hivi sio kwenye kikao kijacho.

Rejista ya vihatarishi ni ya mambo ambayo yanaweza kutokea na yanaweza yasitokee, ndio maana ina safu ya uwezekano, safu ya athari, dalili za kuangalia na mpango wa tutafanya nini. Daftari la ishu ni la yaliyokwisha kutokea. Halina safu ya uwezekano kabisa, sasa utaandika nini hapo wakati jambo lipo mbele yako? Lenyewe linauliza nani anashughulikia, anafanya nini, mwisho lini, na kama uamuzi umemzidi huyo mtu unapelekwa kwa nani. Na sio kila ishu ilianza kama kihatarishi, zingine zinaibuka tu, mfano mwenye shamba anaamka asubuhi anakataa bomba lisipite kwake, hiyo inaingia moja kwa moja kwenye daftari la ishu. Leo nataka tukae na ile iliyoanza kama kihatarishi, maana hapo katikati ndipo watu wanapopotezea mradi.

Tuchukue mradi wa mfano, kisima kirefu cha kijiji upande wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, na namba zote za hela hapa nimeziweka za mfano. Wenyeji wa huku hawahitaji kuambiwa kuhusu floraidi, meno ya kahawia tunayaona kila siku, na wapo watoto ambao miguu imepinda. Miamba ya volkano inaachia floraidi kwenye maji, na kiwango kinabadilika sana hata kwa umbali mdogo, kisima hiki kizuri na kile cha jirani hakifai. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa hiyo meneja wa mradi makini anaandika kwenye rejista mapema kabisa, namba K-07: "Kwa sababu miamba ya eneo ina floraidi, kisima kinaweza kutoa maji yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, na hapo hatutaruhusu yatumike kwa kunywa." Angalia sentensi ilivyokaa, kuna sababu, kuna tukio, kuna matokeo. Wengi wanaandika neno moja tu, "floraidi", alafu siku ya siku hakuna anayejua kama kimetokea au bado. Uwezekano kaweka asilimia 30, athari milioni 40 ambayo ni gharama ya kuchimba kisima kingine. Dalili ya mapema kaandika ni kipimo cha pale saiti wakati wa kujaribu pampu, na injinia wa maji ndiye msimamizi wa hicho kihatarishi.

Sasa hapa kuna hesabu ambayo ukiielewa utaelewa kwa nini ishu inatakiwa kupanda juu, yaani kupelekwa kwa kamati ya usimamizi iamue. Asilimia 30 ya milioni 40 ni milioni 12. Kwenye bajeti, hiyo milioni 12 ndiyo iliyoingizwa kwenye akiba ya dharura kwa ajili ya K-07, ikajumlishwa na za vihatarishi vingine, mfuko mzima ukawa milioni 22. Akiba inapangwa hivyo kwa sababu hatutegemei vyote vitokee. Ila K-07 ikitokea haitokei kwa asilimia 30, inatokea nzima, inataka milioni 40 yote na mfukoni zipo 22 ambazo pia zinasubiriwa na vihatarishi vingine ambavyo bado viko hai. Meneja akinyamaza akaanza kuchota kimyakimya akijua "akiba ipo", anamaliza kinga ya mradi mzima kwa jambo moja bila mwenye mradi kujua.

Turudi saiti. Pampu inajaribiwa, kipimo cha mkononi kinasoma 3.4. Je ni ishu tayari? Mimi nasema bado, hiyo ni dalili, K-07 inabaki kwenye rejista ila injinia anapeleka sampuli maabara siku hiyohiyo na meneja anampigia mwenyekiti wa kamati ya usimamizi amwambie kuna kitu kinakuja. Wapo wanaofungua ishu hapohapo na siwalaumu, bora hivyo kuliko yule anayekaa na kipimo wiki tatu akiomba Mungu maabara iseme tofauti. Majibu ya maabara yanarudi: 3.6. Hapo imetokea, hamna mjadala.

Siku hiyohiyo yanafanyika mambo mawili kwenye shiti. Kwenye rejista mstari wa K-07 unafungwa, hali yake inaandikwa "Kimetokea, angalia ishu I-11", na haufutwi, maana mwisho wa mradi mtataka kujua makadirio yenu yalikuwa na akili kiasi gani. Kwenye daftari la ishu unafunguliwa mstari mpya I-11, tarehe, kilichotokea kwa namba, chanzo K-07, uzito, mshughulikiaji kwa jina lake sio "timu", hatua ya kwanza na tarehe ya mwisho. Bila hizo namba mbili kuelekezana, baada ya miezi miwili utakuta jambo moja linahesabiwa mara mbili kwenye ripoti, au mbaya zaidi halihesabiwi kabisa kwa sababu kila mmoja anadhani liko kwenye daftari la mwenzake.

Alafu ndio linakuja swali la kupandisha. Hili halitakiwi kuamuliwa kwa woga au kwa kujuana na bosi, linaamuliwa na kikomo ambacho kamati ilimpa meneja kabla kazi haijaanza. Kwenye mradi wetu huu meneja anaweza kuchota kwenye akiba mpaka milioni 10 na kuchelewa mpaka wiki 3 bila kuomba ruhusa. Kebo ya pampu ikikatika ikataka laki 6, hiyo ni ishu pia, inaandikwa, inatatuliwa, kamati itaisoma kwenye ripoti ya mwezi, hakuna haja ya kumpigia mwenyekiti usiku. I-11 imevuka hela na imevuka muda, kwa hiyo inapanda, na haipandi baada ya meneja kujaribu kila kitu ikashindikana, inapanda pale tu inapoonekana itavuka. Miradi ambayo haina hivyo vikomo kwenye maandishi ndiyo utakuta meneja mmoja anapandisha kila kitu mpaka kamati inaacha kusoma meseji zake na mwingine hapandishi chochote mpaka mfadhili anasikia kwa wanakijiji.

Na kupandisha sio kuforwadi majibu ya maabara kwenye grupu la Watsapu na kuandika "kwa taarifa yenu". Kamati inatakiwa ipewe kitu cha kuamua. Ingekuwa mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo Mwenyekiti. Maabara imethibitisha floraidi ya kisima ni 3.6, kikomo ni 1.5. Ni kile kihatarishi K-07, sasa ni ishu I-11. Tuna njia tatu. Kuchimba kingine ni milioni 40 na wiki 7, na hakuna uhakika hicho cha pili kitakuwa safi. Kuweka chujio la mkaa wa mifupa ni milioni 25, ila mkaa unachoka na lazima ubadilishwe, na jumuiya ya watumia maji haijapanga hela hiyo. Kuleta maji ya chemchemi ya juu yenye floraidi 0.6 tuyachanganye na ya kisima ni milioni 28 na wiki 5. Napendekeza ya tatu. Akiba yote ni milioni 22, kwa hiyo naomba kibali cha kuitumia yote na nyongeza ya milioni 6, pamoja na kusogeza tarehe wiki 5. Naomba uamuzi kabla ya Ijumaa, maana baada ya hapo mkandarasi anaondoa mitambo saiti. Kwa sasa nimesimamisha kazi ya vilula."

Meseji hiyo mwenyekiti anaisoma kwa dakika mbili na anajua anaombwa nini, lini, na ikichelewa kitatokea nini. Hiyo sehemu ya ikichelewa ndiyo watu wanaisahau sana.

Hata hiyo njia ya tatu msiikubali bila kuipigia hesabu. Ukichukua sehemu 3 za maji ya kisima zenye 3.6 na sehemu 7 za chemchemi zenye 0.6, unapata 10.8 jumlisha 4.2, ambayo ni 15, gawanya kwa 10 unapata 1.5 kamili. Yaani uko kwenye mstari wenyewe huna nafasi ya kuteleza, chemchemi ikipungua kidogo tu mchanganyiko umeharibika. Injinia mzuri hapo atasema tuanze na sehemu 2 kwa 8, inatoka 1.2, ila maji kwa siku yatapungua na kamati ijue hivyo kabla haijasaini.

Kamati ikishakubali, meneja anarudi kwenye rejista ya vihatarishi, na hapa ndipo wengi wanaposinzia kwa sababu wanaona ishu imepata dawa. Dawa imeleta vihatarishi vyake. Kutumia chemchemi kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ile iliyopo Moshi, na kibali kinaweza kuchukua muda kuliko wiki 5 tulizoomba. Watu wa kitongoji cha juu wanaoitegemea hiyo chemchemi wanaweza kukataa. Na kiangazi, Septemba na Oktoba kabla vuli haijaanza, maji ya chemchemi yanaweza kushuka yakaharibu ule mchanganyiko. Kila kimoja kinapata mstari mpya, na akiba iliyobaki ni sifuri, kwa hiyo mwenyekiti aulizwe mapema kimoja kikitokea hela itatoka wapi.

I-11 yenyewe haifungwi siku kamati iliposaini, na haifungwi siku bomba lilipounganishwa. Inafungwa siku sampuli iliyochotwa kwenye kilula cha mwisho kijijini imerudi kutoka maabara ikiwa chini ya 1.5, na tarehe ya hayo majibu ndiyo inayoandikwa kwenye safu ya kufunga.