Joto la ghafla, jasho la usiku na moyo kwenda mbio: homoni au wasiwasi?

Swali: Daktari, nina miaka 48 na hedhi imeanza kuruka miezi. Usiku naamka nimelowa jasho, moyo unakwenda mbio. Nimemeza dawa ya malaria mara mbili ingawa kipimo hakikuonyesha kitu, na sasa naambiwa ni wasiwasi tu. Nitajuaje?

Jibu: Tazama kinachotangulia. Estrojeni, homoni ya uzazi ya mwanamke, inapopanda na kushuka kuelekea ukomo wa hedhi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hata ongezeko dogo la joto huonekana kwake kuwa ni kubwa. Hapo mishipa ya damu ya ngozi hutanuka, jasho hutoka na moyo huongeza mwendo. Mwanamke husikia joto likipanda kutoka kifuani hadi shingoni na usoni, na baada ya dakika moja hadi tano hivi huisha, mara nyingi likimwachia baridi ya kutetemeka. Katika shambulio la hofu, mara nyingi kinachotangulia ni woga wenyewe au pumzi kubana, na vidole hufa ganzi huku mtu akiamini kwamba anakufa.

Weka daftari kando ya kitanda kwa wiki mbili, uandike saa, kilichoanza, na muda kilichodumu. Hesabu pia mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Ukipata 46, yaani 92 kwa dakika, na baada ya dakika kumi ukapata 38, yaani 76, yakiwa na mpangilio ule ule, mwendo huo unalingana na joto la ghafla.

Swali: Lakini nikishtuka saa tisa usiku huwa naogopa kweli. Je, hiyo si hofu?

Jibu: Ni hofu, ila huenda imekuja nyuma ya joto. Mtu anayezinduliwa gizani na moyo unaodunda hutafuta sababu, na sababu ya kwanza inayomjia ni maradhi ya moyo. Akikosa usingizi usiku mwingi, wasiwasi wa mchana nao huongezeka, na ndiyo maana sipendi neno "tu" katika "wasiwasi tu".

Mwalimu mmoja wa miaka 50 niliyemhudumia aliandika matukio 19 katika siku 14. Kati ya hayo, 15 yalianza na joto kifuani na kuisha ndani ya dakika nne au tano. Manne yaliyobaki yalimpata ndani ya daladala iliyojaa, bila joto lolote, vidole vikimchonyota, na kila moja lilidumu kama dakika ishirini. Alikuwa na mambo mawili. Tulipotibu joto kwa homoni usingizi ulirudi, lakini yale ya daladala hayakuondoka mpaka alipokutana mara kadhaa na mtaalamu wa saikolojia, ambaye alimzoeza kupanda tena gari, kwanza kwa kituo kimoja.

Swali: Nipimwe nini?

Jibu: Kwa umri wako kipimo cha homoni za uzazi hakisaidii sana, kwa kuwa viwango hubadilika wiki hadi wiki. Vinavyofaa zaidi ni wingi wa damu, sukari, tezi ya thairoidi, kipimo cha umeme wa moyo na, usishangae, kipimo cha mimba. Thairoidi iliyozidi nguvu humfanya mtu ahisi joto kutwa nzima, akonde na mikono itetemeke. Jasho la usiku likiambatana na kikohozi, homa au kupungua uzito, kapime kifua kikuu na VVU kabla ya kulaumu homoni. Maumivu ya kifua, kuzimia, kukosa pumzi au mapigo yasiyo na mpangilio yanataka hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Nikigundulika ni homoni, nitatumia nini?

Jibu: Tiba yenye nguvu zaidi dhidi ya joto ni estrojeni, ya vidonge, jeli au kibandiko. Mwenye mji wa mimba ni lazima aongezewe homoni ya aina ya projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa mji wa mimba na inaweza kuleta saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwenye mishipa kwa kawaida hapewi homoni hizo. Kwake zipo baadhi ya dawa za sonona, ambazo kwa dozi ndogo hupunguza joto hata kwa asiye na sonona. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa ya namna hiyo, muulize daktari anatibu joto au hofu, maana dozi na muda wa kuitumia vinaweza kutofautiana.