Sevu ni ya nani mkifika kumi kwa kumi?

"Kwa nini mpira wa meza unaisha kwenye 11, sevu zinabadilishwa mbili mbili, halafu mkifika 10 kwa 10 kila mtu anapiga moja moja tu?" (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Anayepiga sevu huanza na faida, kwa kuwa ndiye anayechagua mzunguko wa mpira, kasi yake na mahali utakapodunda, na mpokeaji hulazimika kujibu alicholetewa. Hesabu yote ya sevu imepangwa ili faida hiyo igawanywe sawasawa kati ya wachezaji wawili.

Waliocheza mchezo huu Tanga miaka ya nyuma watakumbuka seti za pointi 21, ambazo kila mchezaji alipiga sevu tano mfululizo. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilibadilisha kanuni hiyo kuanzia Septemba 2001: seti zikawa za pointi 11, na sevu mbili kwa zamu. Mabadiliko hayo mawili yalilazimika kwenda pamoja. Tuchukue mchezaji wa Ngamiani anayeanza kupiga sevu dhidi ya mchezaji wa Chumbageni, na seti ikaisha 11 kwa 4, yaani pointi 15 kwa jumla. Kama zamu zingebaki za sevu tano, wa Ngamiani angekuwa amepiga sevu 10 na mwenzake tano tu, jambo ambalo katika seti fupi namna hiyo ni dhuluma ya wazi. Kwa zamu za sevu mbili, wa Ngamiani hupiga nane na wa Chumbageni saba. Popote seti itakapokatikia, tofauti yao haiwezi kuzidi sevu mbili.

Mpangilio huu pia humwezesha mtu yeyote aliye kando ya meza kumaliza ubishi wa sevu ni ya nani, ubishi ambao kwenye meza zisizo na mwamuzi hutokea mara kwa mara. Jumlisha pointi za wote wawili, kisha uhesabu ni jozi ngapi zimekwisha kamilika. Matokeo yakiwa 7 kwa 4, jumla ni 11, kwa hiyo jozi tano zimekamilika na pointi moja ya jozi ya sita imeshachezwa. Jozi ya kwanza, ya tatu na ya tano zilikuwa za wa Ngamiani. Ya sita ni ya wa Chumbageni, naye amebakiwa na sevu yake ya pili. Ikigundulika kwamba sevu imepigwa na asiye zamu yake, mchezo husimamishwa na mpangilio sahihi hurudishwa, lakini pointi zilizokwisha patikana hazifutwi.

Sasa tufike kwenye 10 kwa 10, yaani dyusi. Pointi 20 zimechezwa na kila mmoja amepiga sevu 10 kamili, kwa hiyo hakuna anayemdai mwenzake. Kuanzia hapo mshindi ni yule atakayetangulia kwa pointi mbili. Lau zamu zingeendelea kuwa za sevu mbili, wa Ngamiani, ambaye ndiye zamu yake imefika, angeweza kushinda pointi zote mbili kwa sevu zake mwenyewe na kuifunga seti kabla mwenzake hajashika mpira. Kwa sevu moja moja hilo haliwezekani: kutoka kwenye sare yoyote, ili mtu ashinde pointi mbili mfululizo ni lazima moja aipate kwa sevu yake na nyingine aipate kwa sevu ya mpinzani.

Hapa kuna jambo ambalo hata wachezaji wazoefu wengi hawalitazami, nami naliona kuwa zuri kuliko yote katika kanuni hii. Aliyeanza seti ndiye hupiga sevu kila matokeo yanapokuwa sare: 10 kwa 10, 11 kwa 11, 12 kwa 12 na kuendelea. Mmoja akitangulia kwa pointi moja, sevu ni ya yule mwingine, ambaye alianza seti kama mpokeaji. Kwa kuwa pointi ya mwisho huchezwa daima wakati mmoja anaongoza kwa moja, kila seti inayopita 10 kwa 10 humalizikia kwenye sevu ya mpokeaji wa kwanza, awe ndiye anayeongoza au ndiye anayejiokoa. Kwa mfano wetu, matokeo yakiwa 11 kwa 10, sevu ni ya wa Chumbageni. Akisawazisha, inarudi kwa wa Ngamiani.

Dyusi haina kikomo, na seti inaweza kufika 15 kwa 13 au zaidi. Ipo kanuni ya kuharakisha mchezo seti inapofikisha dakika 10, lakini haianzishwi ikiwa pointi 18 au zaidi zimekwisha patikana katika seti hiyo, na waliofika 10 kwa 10 wamekwisha kuuvuka mpaka huo.