Mnyama wa mwaka hataji umri kamili

“Mwenzangu Mchina kasema yeye ni Joka. Si basi kazaliwa 2000?”

Hapo bado hujajua. Wachina huupa kila mwaka mnyama wake, na wanyama hao ni kumi na wawili, kwa hiyo Joka hurudi kila baada ya miaka 12: 1976, 1988, 2000, 2012. Mwaka 2024, nao wa Joka, watu hao walitimiza 48, 36, 24 na 12. Sasa mtazame mwenyewe: kama ana mtoto wa sekondari, 2000 haiwezekani, shika 1988 au 1976.

Kinachowaponza wengi ni Januari. Mwaka wa Kichina wa 2000 ulianza tarehe 5 Februari, hivyo aliyezaliwa 20 Januari 2000 ni Sungura, mnyama wa mwaka uliotangulia, na Joka wa 1988 huenda alizaliwa Januari 1989.