Leseni ya milioni sita na rimu ya karatasi

"Duka letu la pembejeo hapa Uyole lilinunua programu ya mauzo kwa milioni sita, tukalipa zote siku moja. Mbona mhasibu kaandika laki tisa tu kwenye matumizi ya mwaka, ila karatasi na intaneti kaziandika zote?"

Kwa sababu karatasi ya mwaka huo imekwisha, lakini programu bado inauza mbolea. Leseni mtakayoitumia miaka mingi ni mali, ingawa haishikiki, na gharama yake inagawanywa katika miaka itakayofanya kazi.

Tuifuate hesabu yenyewe. Leseni ilikuwa shilingi 5,400,000, na fundi wa kuifunga kwenye kompyuta alilipwa 600,000. Malipo ya fundi yanaingia kwenye bei ya mali, maana bila yeye programu isingefanya kazi. Jumla ni 6,000,000. Mmekadiria kuitumia miaka mitano, yaani miezi 60, kwa hiyo kila mwezi unabeba 100,000. Ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2024 na hesabu zenu hufungwa Desemba. Miezi tisa, laki tisa. Zile 5,100,000 zilizobaki zinakaa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya duka. Mngeziandika zote mwaka huo, 2024 ingeonekana mbaya kuliko ilivyokuwa, na miaka minne inayofuata ingeonekana inatumia programu ya bure.

Mafunzo ya wauzaji, 300,000, ni matumizi ya mwaka huohuo. Wengi hulibishia hili, kwa kuwa ujuzi nao hudumu. Lakini kijana wa kaunta akiacha kazi kesho, anaondoka nao kichwani, duka haliumiliki.

Ada ya matengenezo ya 480,000 kwa mwaka nayo ni matumizi, ila angalieni tarehe. Mlilipa Aprili kwa miezi 12, hivyo 360,000 ni za 2024, na 120,000 za Januari hadi Machi zinasubiri mwaka wa pili kama malipo ya kabla. Hapo ndipo nimeona makosa mengi kuliko kwenye leseni yenyewe.

Vitu vidogo, kama programu ya elfu themanini ya kulinda kompyuta, huandikwa matumizi moja kwa moja hata vikidumu miaka miwili. Duka lijiwekee kiwango, tuseme laki tano, na likishike kila mwaka.

Kama programu ni ya kulipia kila mwezi kwenye mtandao, na mkiacha kulipa inafungwa, hapo kwa kawaida hamjanunua mali. Mmenunua huduma, na kila malipo ni matumizi ya mwezi wake.

Miaka mitano nayo ni makadirio, si ahadi. Mkataba ukisema leseni ni ya miaka mitatu bila haki ya kuongeza, gawanyeni kwa miezi 36. Na mkiitupa tarehe 30 Juni 2026 kwa kuhamia nyingine, mtakuwa mmeshaandika miezi 27 ya laki moja moja, yaani 2,700,000. Zile 3,300,000 zilizobaki zinaingia zote kwenye matumizi ya mwaka huo.