Lebo ya chupa ya dawa haiingii kwenye picha moja: piga hivi tuisome yote

Picha tunazotumiwa sana hapa kitengo cha famasia ni za chupa ya dawa ya maji ya mtoto, imepigwa kwa mbele, jina la dawa linaonekana kubwa kabisa, afu chini mzazi kaandika "naomba kujua nampa kiasi gani". Jina peke yake halitutoshi. Sirapu ya parasetamoli kwa mfano, ipo yenye mg 120 kwenye kila ml 5 na ipo yenye mg 250 kwenye kila ml 5, na chupa zinaweza kufanana sana. Mtoto wa kilo 10 tukimhesabia mg 15 kwa kilo, dozi moja inakuwa mg 150, yani ml 6 na kidogo kwa ile ya 120 lakini ml 3 tu kwa ile ya 250, sasa ukikosea chupa unampa mtoto karibu mara mbili. Na hio namba mara nyingi iko ubavuni, maandishi madogo, pale ambapo lebo inaanza kuzunguka.

Kwanini picha moja haitoshi hata kama simu yako ni kali? Chukua chupa yenye kipenyo cha sm 5. Lebo ikizunguka yote ina urefu wa karibu sm 15.7. Ukiipiga kwa mbele unaona karibu nusu, sm 7.8 hivi, lakini kwenye picha hizo zote zimebanwa ndani ya upana wa sm 5. Na hazijabanwa sawasawa, hapo ndo penye kazi. Ile nusu ya katikati ya chupa kwenye picha, sm 2.5 zinazosomeka vizuri, ina sm 2.6 tu za lebo, ambayo ni sehemu moja ya sita ya mzunguko wote. Kiasi kama hicho hicho cha lebo kimebanwa kwenye kila pembeni ndani ya sm 1.25, na kadiri unavyokaribia ukingo herufi zinazidi kuwa nyembamba mpaka zinagusana, 0 inafanana na 1, nukta inapotea kabisa. Kukuza picha hakusaidii, kwasababu kilichobanwa wakati wa kupiga kimeshabanwa.

Kwaiyo tunaomba picha sita. Chora duara kwenye karatasi, weka alama sita kama saa, 12, 2, 4, 6, 8 na 10, simamisha chupa katikati, afu weka doti ya kalamu kwenye bega la chupa, sio kwenye kifuniko maana kifuniko kinazunguka. Simu iegemee kitu isihame, iwe usawa wa katikati ya lebo, umbali wa sm 30 hivi, halafu ndo ukuze kidogo. Ukiikaribia sana chupa unaona kipande kidogo zaidi cha mzunguko, na ukiipiga kwa juu mistari inapinda, mtu anajikuta ameanza mstari wa tatu kamalizia wa nne. Piga, sogeza doti mpaka alama inayofuata, piga tena. Zungusha ili upande wa mbele uende kushoto kwako, maandishi yatafuatana kama unavyosoma.

Zima flashi. Lebo zinazong'aa zinatoa mstari mweupe wa mwanga wima, na huo mstari unabaki palepale kwenye picha wakati maandishi yanahama, kwaiyo kilichofichwa kwenye picha ya pili mara nyingi unakipata kwenye ya tatu. Hii ni sababu mojawapo ya kutaka picha ziingiliane, yani kila moja irudie kipande cha iliyotangulia. Wengine wanatumia panorama, tafadhali acheni, ile imetengenezwa kwa simu inayogeuka mbele ya vitu vilivyotulia, ukizungusha chupa inarudia herufi au inazimeza na huwezi kujua imemeza wapi. Na kwenye Wasap tuma kama dokumenti, picha ya kawaida inapunguzwa ubora na maandishi madogo ndo yanayoumia kwanza.

Sasa kuunganisha. Usisome picha ya kwanza yote juu mpaka chini afu uende ya pili, utachanganya. Chukua mstari mmoja, ufuate picha zote, uandike, ndo ushuke mstari unaofuata. Tuseme mstari wa tatu picha ya kwanza unasomeka "Kila ml 5 ina parase", picha ya pili "ina parasetamoli mg 12", picha ya tatu "tamoli mg 120. Tikisa". Ukiishia picha ya pili una mg 12, na mtu mwenye haraka anaandika 12 au anakisia 125 kwasababu 125 ameizoea kwenye dawa nyingine. Picha ya tatu inaonyesha namba nzima ina nafasi kushoto na nukta kulia. Sheria yetu ni hio: namba haikubaliki mpaka ionekane nzima ndani ya picha moja, pande zote mbili zikiwa wazi, isiunganishwe kutoka vipande viwili. Hasa zenye nukta. ml 2.5 nukta ikimezwa na mwanga inakuwa ml 25.

Maungio yenyewe yanataka maneno mawili au matatu yanayoonekana kwenye picha zote mbili, na kwenye mistari zaidi ya mmoja. Jina la dawa msilitumie kuungia! Lebo nyingi zina jina mara mbili, mtu anaona jina upande wa kulia wa picha ya pili na upande wa kushoto wa picha ya tano anadhani ni lile lile, anaunganisha, robo nzima ya lebo imerukwa na kila kitu kinaonekana kimekaa sawa tu. Ungia kwa kitu ambacho kipo sehemu moja, kama ile mistari ya kuskani bei au anuani ya kiwanda.

Kama boksi lipo, piga boksi, ni bapa na halina huu usumbufu. Ila bachi namba ya kwenye boksi lazima ilingane na ya kwenye chupa, na kwenye chupa hio namba na tarehe ya kuisha muda vinaweza kuwa vimegongwa shingoni au kitakoni, nje ya lebo, kwaiyo hapo kuna picha ya saba. Zisipolingana tunaliweka boksi pembeni, maana nyumbani chupa zinahamishwa maboksi kila siku.

Kopo la maziwa ya unga lina tabu yake, jedwali. Kopo la kipenyo cha sm 10 mzunguko wake ni sm 31, umri wa mtoto uko safu wima ya kwanza na idadi ya vijiko iko safu wima ya mwisho, picha moja inatoa vijiko bila umri. Hapo fuata ule mstari uliochorwa chini ya kila safu mlalo kutoka picha hadi picha, na hesabu mistari kuanzia juu kwenye kila picha.

Na kuna lebo ambazo hata picha sita haziziokoi, sirapu imemwagikia, karatasi imevimba, kipande cha mg ndo kimechanika. Mzazi anatuambia "lakini si mnaijua hii dawa?" Tunaijua, na kampuni ileile inaweza kutengeneza zote mbili, ya 120 na ya 250, kwa rangi ileile. Hio dozi hatuisemi kwa picha, njoo na chupa na boksi kama unalo, na kama hakuna kinachosomeka tutakwambia ununue nyingine.