Choo cha juu si cha kila mzee: pima mguu kabla ya kununua sinki

Mteja anayeingia duka la vifaa vya ujenzi kununua sinki la choo cha kukaa huulizwa rangi, huulizwa kama bomba la kutolea uchafu linapita ukutani au sakafuni, kisha hutajiwa bei. Mguu wa atakayelikalia hauulizwi. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa magoti na nyonga ndio tunaopokea matokeo yake, maana mtu anayeinuka vizuri kwenye kiti cha sebuleni anatuambia kwamba chooni ni lazima aitwe mjukuu amvute.

Kipimo cha kuanzia ni kimoja tu. Mtu akae kwenye kiti kigumu, bila viatu au na ndala anazoingia nazo chooni, nyayo zote zikanyage sakafu. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Kwa watu wazima wengi kipimo hicho hukaribia robo ya urefu wa mwili: mtu wa sentimita 160 atapata kama 40. Huo ndio urefu wa kulinganisha na choo, na choo chenyewe kipimwe hadi juu ya kiti anachokalia mtu, si hadi ukingo wa sinki. Hapa ndipo watu hukosea, kwa sababu karatasi ya kiwandani mara nyingi huandika urefu wa sinki tupu, na kiti huongeza sentimita 2 au 3. Sinki la 40 ni choo cha 42 au 43.

Tuchukue nyumba yenye choo kimoja wanachotumia watu wawili. Mama ana urefu wa sentimita 152, magoti yake yamesagika, na mkunjo wake uko 38. Kijana wake ana 188, mkunjo uko 47. Choo kilichopo kina 42. Mama anaposhindwa kuinuka, ushauri wa kwanza kutoka kwa jirani na fundi ni ule ule: nunua choo cha juu, kile cha wazee. Wananunua chenye 47.

Kijana amefurahi, choo kimemkaa sawasawa. Mama sasa ananing'inia. Kati ya mguu wake na kiti kuna tofauti ya sentimita 9, kwa hiyo visigino haviko chini, na ukingo wa mbele wa kiti unabana nyama za paja mpaka miguu inakufa ganzi. Ili ainuke lazima ajisogeze mpaka ukingoni ndipo vidole viguse sakafu. Pale ukingoni, miguu ikiwa haijakanyaga sawasawa, ndipo mtu huteleza.

Ni kweli kwamba kiti cha juu humrahisishia mtu kuinuka. Kadiri unavyokaa chini ndivyo goti linavyokunjika zaidi, na misuli ya paja hubeba mzigo mkubwa mwanzoni mwa kuinuka. Lakini faida hiyo hupatikana kama unaweza kuvuta nyayo nyuma kidogo, chini ya magoti, na kukanyaga kwa nguvu. Mguu unaoning'inia hausukumi kitu. Kwa mwenye magoti dhaifu tunapendekeza kiti kizidi mkunjo wake kwa sentimita 2 hadi 5, basi. Kwa mama huyu ni kati ya 40 na 43. Choo chake cha zamani kilikuwa kinamfaa. Alichokosa ni mahali pa kushika.

Urefu unaouzwa kama wa wazee una asili yake. Kanuni za Marekani za mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika kwa watu wenye ulemavu zinataka choo kiwe na sentimita 43 hadi 48 na nusu mpaka juu ya kiti. Hapo kiti kinalingana kwa karibu na kiti cha magurudumu, na mtu anaweza kuhama kutoka kimoja kwenda kingine bila kupanda wala kushuka. Kwa kazi hiyo kinafaa sana. Kwa bibi mfupi anayetembea kwa miguu yake ni habari nyingine. Aliyebadilishiwa nyonga naye ana hesabu yake, kwani wiki za mwanzo huenda daktari akamkataza kukunja nyonga kupita pembe mraba. Huyo afuate maelekezo ya aliyempasua.

Kuna na suala la tumbo, ambalo wazee wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Msuli unaoikunja njia ya haja kubwa hulegea vizuri zaidi magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kama kwenye choo cha kuchuchumaa. Choo cha juu hufanya kinyume. Kibao cha miguu cha sentimita 15 hadi 20 husaidia, ila kisukumwe pembeni kabla ya kusimama, la sivyo chenyewe kinakuwa cha kujikwaa.

Sasa umbo. Toka katikati ya matundu mawili ya bolti za kiti hadi ncha ya mbele ya sinki, la duara lina kama sentimita 42, la umbo la yai kama 47. Sentimita hizo 5 zinamhusu hasa kijana wetu. Paja lake refu linapata pa kuegemea, na maumbile yake hayagusi ukingo wa mbele, jambo ambalo wanaume warefu wanalijua vizuri hata kama hawalisemi dukani. Kwa anayetawaza kwa maji, mkono unapata nafasi ya kupita mbele. La duara lina sifa moja kubwa: linaingia kwenye choo kidogo. Kabla ya kuchagua la yai, hakikisha mlango unafunguka bila kuligonga na mbele yake zimebaki angalau sentimita 60, kwa sababu mtu huinuka kwa kuinamisha kifua mbele. Mzee aliyebanwa na ukuta usoni hainuki, hata kiti kiwe na urefu gani.

Basi kwa nyumba ile jibu ni sinki la umbo la yai, kiti kikiwa 42, na chuma cha kushikia ukutani. Kijana mwenye afya atakaa chini ya kipimo chake kwa sentimita 5 na halitamdhuru. Chuma kifungwe kwenye tofali, si kwenye kigae peke yake, na kisiwe kile cha kutundikia taulo.

Jambo la mwisho ni la fundi. Nyumba nyingi huwekewa vigae vipya juu ya vya zamani bila kung'oa sinki. Kigae na chokaa yake vinaweza kupandisha sakafu kwa sentimita 3 au zaidi, na choo kinakuwa kifupi bila mtu kugusa choo. Ukitaka kukiinua kwa kukijengea msingi wa zege, msingi usizidi tako la sinki, maana ukitokeza mbele nyayo zitakosa pa kukanyaga. Tundu la kutolea uchafu nalo litapanda kwa kiasi hicho hicho. Likiwa la ukutani, fundi aoneshe kwanza atakavyoliunganisha na bomba, kabla hajakoroga saruji.