Replace All haijawahi kuandika stetimenti ya mtu

Nimetumiwa tena faili Wasapu na ujumbe wa mstari mmoja, "Mwalimu nishabadilisha jina la chuo kote, niangalilie grama tu nitume." Hilo "kote" ndilo linalonipandisha presha. Wengi wenu hapa Malindi mnaamini stetimenti, yani barua ya kuombea chuo, ikishakuwa nzuri, kazi iliyobaki ni Ctrl+H, jina la chuo cha zamani juu, jina la kipya chini, unabonyeza Replace All basi umemaliza, na jina likibakia mahali mnasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya wapi jamani, njia yenyewe ndiyo mbovu.

Hebu tuchukue mfano. Tuseme kijana ana digrii ya sayansi ya bahari na amefanya kazi Mida, kwenye mikoko, na kikundi kinachonenepesha kaa koko kwenye vizimba. Anataka masta, anaomba tatu: ISATEC ya chuo kikuu cha Bremen kule Ujerumani, Oceans & Lakes ya Ubelgiji, na Aquaculture and Marine Resource Management ya Wageningen, Uholanzi. Ya Bremen ameiandika kwanza na imetoka safi. Sasa anaigeuza iwe ya Wageningen kwa Replace All.

Bremen imeondoka, sawa. ISATEC imebaki, manake ndani ya ISATEC hamna neno Bremen. ZMT pia imebaki, kile kituo cha utafiti wa bahari za tropiki kilichoko Bremen, kwa hiyo sasa kijana anawaambia watu wa Uholanzi kwamba anatamani kusoma kwao ili afanye utafiti kwenye kituo kilichoko Ujerumani. Haya yanaonekana angalau, mtu akisoma taratibu atayanasa.

Lakini iko moja haionekani kabisa. Kwenye barua ya kwanza aliandika kwamba alianza kuipenda mikoko baada ya kusoma utafiti wa watu wa Bremen, na ni kweli. Baada ya Replace All imekuwa utafiti wa watu wa Wageningen. Sentensi haina kasoro, grama iko sawa, jina la chuo ndilo lile wanalotarajia, ila sasa ni uongo! Na siku ya intavyu akiulizwa ni utafiti gani huo atabaki anatazama dari. Kompyuta haijui kwamba jina moja pale ni la mtu unayemwandikia na jingine ni sehemu ya historia yako. Kwake yote ni herufi tu.

Ubelgiji ndiyo balaa zaidi. Oceans & Lakes haina mwenyewe mmoja, inaendeshwa na vyuo vitatu pamoja: VUB ya Brussels, Ghent na Antwerp. Ukipachika Ghent kila palipokuwa na Bremen hujakosea jina, umekosea habari, umewaandikia watatu kama vile yuko mmoja. Na Ghent hiyo hiyo ndiyo inayoratibu IMBRSea, masta nyingine kabisa ya mambo ya bahari, kwa hiyo unaweza kuwa na chuo sahihi na kozi ya watu wengine. Mwenye kusoma pale mezani ni mtu wa kozi, si mtu wa chuo, na jina la kozi ndilo analoliona haraka kuliko lote.

Sasa ninavyofanya mimi. Faili la msingi halina jina la chuo chochote unachokiandikia, hata kimoja, hata kile unachokipenda kufa. Palipo na jina panawekwa nafasi yenye mabano mawili mawili, hivi: [[CHUO]], [[KOZI]], [[KWANINI]]. Majina ya historia yako, kama ule utafiti wa Bremen, yanabaki vile yalivyo kwa sababu ni ukweli hata ukiomba kwingine. Faida ya mabano ni kwamba ukisahau nafasi moja inapiga kelele, kila mtu anaiona hata aliye nusu usingizi, wakati jina lisilo lake linakaa kimya limejipanga kama lenye haki.

Halafu kila barua inazaliwa kutoka faili la msingi. Barua ya tatu haitoki kwenye barua ya pili, hata kidogo, NARUDIA, haitoki kwenye barua ya pili. Hapa ndipo wote mnapoanguka, kwa sababu barua ya pili imeshanyooka, kuna sentensi tamu umeipata usiku wa manane na hutaki kuipoteza, basi unakopi ile. Hiyo sentensi tamu irudishe kwenye faili la msingi kwanza, kisha ndio uanze ya tatu. Ni kazi ya dakika chache na inakuokoa na mabaki yote.

[[KWANINI]] haijazwi kwa neno, ni aya nzima, na unaiandika upya kila mara. Na hata aya zinazofanana zinapanguliwa kidogo. Kwa Wageningen kaa wanatangulia: walilishwa nini, wangapi walikufa, kwanini walikufa, mikoko inafuata nyuma. Kwa ISATEC, ambayo ni ikolojia ya maji ya tropiki, mikoko inatangulia na kaa ni mmoja wa wakazi wake. Ni Mida ile ile, hujaongeza hata tone la chumvi, umebadilisha mlango wa kuingilia tu.

Ukimaliza, kila barua ina orodha yake ya maneno haramu, yani majina yote ya wale wengine pamoja na vifupisho, miji na walimu. Unatafuta moja moja kwa Ctrl+F kwenye PDF yenyewe, si kwenye Word, manake PDF ndiyo inayosafiri. Tafuta neno moja, usitafute jina zima, kwa sababu jina likikatika mwisho wa mstari utaftaji unaweza kulipita. Wenye Linux mnaweza kumaliza yote kwa mara moja:

```
pdftotext wageningen.pdf - | grep -n -i -E "bremen|isatec|zmt|ghent|vub|\[\["
```

Hapa itatoka ule mstari wa utafiti wa Bremen, na ndivyo inavyotakiwa, unausoma, unahakikisha ni historia, unaendelea.

Na usisahau Title. Kwenye Word iko File, halafu Info. Ukikopi faili inaenda nayo, ukisevu PDF inaenda nayo, na brauza nyingi zinaionyesha juu kwenye tabu badala ya jina la faili. Umeita faili wageningen.pdf, juu ya skrini ya watu imeandikwa Motivation Bremen. Ifute.

Kuhusu kutaja majina ya maprofesa, mimi nasitasita. Kila mtu anawaambia mtaje wawili watatu. Kwa pi-eichi-di naelewa, unamwandikia mtu atakayekusimamia. Kwa masta ya darasani, ambako kamati ndiyo inayochagua, naona mara nyingi ni pambo, na kila jina unaloongeza ni neno haramu jingine la kufukuza kwenye barua zinazofuata. Taja kama umesoma kazi yake na una la kusema juu yake, kama huna acha.

Wale wa digrii ya kwanza Uingereza haya mengi hayawahusu. UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya huko, inapeleka maandishi yale yale kwa chaguo zako zote, hadi tano, na kwa wanaoingia kuanzia 2026 ni maswali matatu, herufi 4,000 kwa jumla na nafasi zikihesabiwa. Huko hakuna mabano wala faili la msingi, jina la chuo haliandikwi kabisa, hata mkinibembeleza vipi.